Bajeti ya magari ya wagonjwa ya wilaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya madiwani, wajumbe wa bodi ya afya, watendaji wa mitaa na ndugu wa wagonjwa ambao hukutana na huduma hii ama kwenye kikao cha bajeti, ama usiku wakiwa wamebeba mgonjwa. Hesabu zote zimejengwa juu ya wilaya ya mfano ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam, na si takwimu za halmashauri yoyote. Wilaya hiyo ina magari matatu aina ya Land Cruiser, mawili yakiwa kazini usiku na mchana na la tatu likiwa la akiba. Inafanya safari 150 kwa mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka, na kila safari ina wastani wa kilomita 40 tangu gari linapotoka kwenye maegesho yake hadi linaporudi. Bei ya dizeli tumeikadiria kuwa shilingi 3,000 kwa lita, na mwendo wa gari kuwa kilomita sita kwa lita, ili hesabu iwe rahisi kufuatilia.

Huduma hii inagharimu kiasi gani kwa mwaka?

Kwa wilaya yetu ya mfano, jumla ni shilingi milioni 116, kama inavyoonekana hapa chini.

| Kasma | Shilingi kwa mwaka |
|---|---|
| Mafuta (lita 13,200) | 39,600,000 |
| Posho za usiku na madereva wa mkataba | 48,000,000 |
| Sevisi, matairi na matengenezo makubwa | 20,600,000 |
| Oksijeni, glavu, mashuka na vifaa vingine vya ndani ya gari | 7,800,000 |
| Jumla | 116,000,000 |

Ukiigawanya jumla hiyo kwa safari 1,800 utapata takribani shilingi 64,400 kwa safari moja, na kati ya hizo mafuta ni shilingi 22,000 tu. Tunaomba msomaji aishike tofauti hiyo, kwa sababu watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaopanga ada, hudhani kwamba gari likishawekewa mafuta basi safari imeshalipiwa.

Bajeti imepitishwa na baraza la madiwani. Kwa nini basi tunaambiwa gari halina mafuta?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu lake halipo kwenye kasma ya mafuta bali kwenye upande wa mapato.

Tuseme ada ya safari ni shilingi 40,000. Wakati wa kuandaa makisio, afisa anayejaza fomu huzidisha safari 1,800 kwa shilingi 40,000 na kuandika mapato ya shilingi milioni 72. Halmashauri nayo huongeza shilingi milioni 44 kutoka mapato yake ya ndani, jumla inafika milioni 116, bajeti inaonekana imekaa sawa, na kikao kinaipitisha bila mjadala mrefu. Kila namba kwenye karatasi hiyo ni sahihi isipokuwa dhana moja iliyofichwa ndani yake, kwamba kila anayebebwa atalipa.

Katika wilaya yetu ya mfano, nusu ya safari, yaani 900, ni za watu ambao sera ya afya yenyewe imewasamehe. Katika safari 900 zinazobaki, tatu kati ya kila kumi ni za watu wasio na uwezo wa kulipa, nazo ni 270. Wanaolipa kweli ni 630, na mapato halisi ni shilingi milioni 25.2. Pengo kati ya kilichoandikwa na kinachoingia ni shilingi milioni 46.8, kiasi ambacho kinazidi kasma nzima ya mafuta.

Pengo hilo lazima limwangukie mtu. Madereva wa mkataba wana haki ya mshahara wao kila mwisho wa mwezi, na karakana haitoi gari kabla ya kulipwa. Mafuta ndiyo kasma pekee ambayo mtu anaweza kuikata leo bila barua ya malalamiko kufika kesho yake. Kwa hiyo msamaha ambao haukutengewa fedha hulipwa na tangi la gari. Kama mafuta yanategemea ada zinazokusanywa, kwa mwezi huingia shilingi milioni 2.1 wakati mahitaji ni milioni 3.3, na fedha hizo zinatosha siku 19. Mkazi anayepiga simu tarehe 24 akajibiwa kwamba ndugu wachange mafuta kwanza hajakutana na bahati mbaya. Amekutana na hesabu iliyofanywa miezi mingi kabla, kwenye makisio.

Marekebisho yanayopendekezwa ni yapi?

Ni kuuandika msamaha kama matumizi. Badala ya kukisia mapato ya milioni 72, makisio yaonyeshe ada za milioni 25.2, kisha iwepo kasma inayojitegemea ya ruzuku kwa wasiolipa, yenye shilingi milioni 46.8, ambazo ni safari 1,170 za misamaha zikizidishwa kwa ada ya 40,000. Mchango wa kawaida wa halmashauri wa milioni 44 unabaki palepale, na jumla inabaki milioni 116.

Wapo watakaosema kwamba hapo fedha mpya hazijapatikana, na ni kweli. Kilichobadilika ni mahali ambapo uamuzi unafanyika. Diwani sasa anaiona milioni 46.8 kwa macho yake wakati wa kikao, na analazimika kuchagua kati ya kuitafuta, kupunguza idadi ya magari yanayokaa kazini, au kutangaza wazi kwamba huduma itapungua. Vikomo vya bajeti vikibana, baraza linaweza kuamua kutenga milioni 30 tu, lakini litakuwa limeamua likijua. Bila kasma hiyo uamuzi uleule hufanywa na dereva na muuguzi saa nane ya usiku, na hao hawakupewa mamlaka hayo na mtu yeyote.

Fedha za kasma hii zihamishwe kila mwezi kulingana na fomu za misamaha zilizoidhinishwa. Mwezi wenye misamaha 98 unaleta shilingi 3,920,000 kwenye akaunti ya magari, na mwezi wenye misamaha 110 unaleta 4,400,000. Fedha zikitolewa kwa mkupuo mmoja mwezi Julai, uzoefu unaonyesha kwamba zitaazimwa kwa jambo jingine kabla ya Desemba.

Nani hasa hatakiwi kulipa?

Kuna makundi mawili, na yasichanganywe. Kundi la kwanza ni la msamaha wa kisera, ambamo wamo wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Hawa hawahitaji kujieleza. Kadi ya kliniki ya mama au ya mtoto, au kitambulisho cha mzee, kinatosha, na kama kimesahaulika nyumbani kitaletwa baadaye.

Kundi la pili ni la msamaha wa muda, unaotolewa kwa mtu ambaye kwa kawaida angelipa lakini kwa hali aliyonayo hawezi. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye anayemtathmini. Kaya iliyomo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF imeshathibitishwa, kwa hiyo haina haja ya kuhojiwa upya. Wengine huulizwa wanavyoishi, nani anawategemea, na kama kuna ndugu anayeweza kuchangia, na pale inapobidi huletwa barua ya mtendaji wa mtaa. Msamaha unaweza kuwa wa sehemu. Mgonjwa ambaye nduguze wameleta shilingi 15,000 huandikiwa msamaha wa 25,000, na asihesabiwe kuwa amesamehewa yote.

Je, tathmini hiyo inafanyika kabla ya mgonjwa kubebwa?

Hapana. Gari linatoka kwanza. Muuguzi wa gari anaandika kwenye fomu jina la mgonjwa kama linajulikana, mahali alipochukuliwa, saa, kilomita, na namba ya simu ya ndugu aliyeongozana naye, kisha suala la ada linaachwa hadi mgonjwa apokelewe.

Chukua kijana aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda eneo la Mbagala, hana kitambulisho, hawezi kuongea na hana ndugu yeyote karibu. Gari linampeleka Hospitali ya Temeke, daktari anashauri apelekwe Muhimbili katika Taasisi ya Mifupa, yaani MOI, na gari linaendelea naye. Fomu inasomeka "asiyejulikana" na ada inaandikwa kuwa deni la muda. Ndugu wakipatikana siku ya tatu, afisa ustawi anazungumza nao, na hapo ndipo deni linalipwa, linapunguzwa au linahamishiwa kwenye kasma ya ruzuku. Wasipopatikana ndani ya siku thelathini, linahamishiwa huko moja kwa moja. Tunashauri muda huo uandikwe kwenye utaratibu wa halmashauri, kwa sababu madeni yasiyo na mwisho hubaki kwenye vitabu kama mapato yanayotarajiwa, na mwaka unaofuata mtu huyatumia kujengea makisio mapya.

Kwa nini ada isipandishwe ifikie gharama halisi?

Kwa sababu ukipandisha ada unapunguza pia idadi ya wanaoilipa. Tuseme ada inapanda kutoka 40,000 hadi 60,000, na kati ya wale 630 waliokuwa wakilipa wanabaki 420. Mapato ni yaleyale, shilingi milioni 25.2, lakini sasa kuna watu 210 zaidi ambao ama wanaomba msamaha, ama wanampakia mgonjwa kwenye bajaji na kufika hospitalini hali yake ikiwa mbaya zaidi. Hatudai kwamba itatokea hivyo hasa kila mahali, lakini halmashauri inayotaka kupandisha ada ina wajibu wa kuifanya hesabu hii kabla, ikitumia madaftari yake yenyewe.

Ifahamike pia kwamba hata anayelipa 40,000 anapewa ruzuku ya takribani shilingi 24,400, ambayo ni fungu lake la ile milioni 44. Hakuna abiria wa gari hili anayelipa gharama yote.

Tukipunguza safari zisizo za lazima, tunaokoa kiasi gani?

Kidogo kuliko inavyodhaniwa. Safari moja ikifutwa, unaokoa mafuta ya 22,000, sehemu ya sevisi na matairi ambayo ni kama 6,400, na vifaa vya ndani kama 4,300. Jumla inakaribia 32,800, ambayo ni nusu tu ya ile 64,400. Posho ya usiku italipwa gari litoke lisitoke. Kufuta safari 100 kunaokoa shilingi milioni 3.3 hivi, na kabla ya kufuta yafaa kutazama ni zipi. Zinazostahili kukatwa kwanza ni zile ambazo gari la wagonjwa limetumwa kuchukua chanjo, kupeleka maafisa kikaoni au kurudisha mwili wa marehemu.

Land Cruiser inajulikana kwenda kilomita nyingi zaidi kwa lita. Kwa nini mmekadiria sita tu?

Kwa sababu gari hili haliendi safari ya Morogoro. Linabeba machela, mtungi wa oksijeni, watu wanne au watano na kiyoyozi kinachofanya kazi wakati wote, na linapita kwenye foleni za Barabara ya Kilwa na Nyerere saa ambazo king'ora hakisaidii kwa kuwa mbele hakuna pa kupishia. Linapofika hospitali ya rufaa, husubiri machela yake irudishwe, na mara nyingi injini huachwa ikiunguruma ili kiyoyozi kisizimike. Saa moja ya kusubiri hivyo hula lita moja hadi moja na nusu bila gari kusogea hata mita.

Safari 150 za kilomita 40 ni kilomita 6,000 kwa mwezi. Tumeongeza asilimia kumi kwa mwendo usio na mgonjwa, kama kwenda kujaza mafuta, kupeleka mitungi ya oksijeni na kwenda karakana, tukapata kilomita 6,600. Ukigawanya kwa sita unapata lita 1,100 kwa mwezi. Makisio yaliyotumia kilomita tisa kwa lita yangeonyesha lita 733, na tofauti ingeanza kuonekana wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza.

Bei ya mafuta ikipanda katikati ya mwaka, inakuwaje?

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ilhali mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai kwa makisio yaliyoandaliwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo bajeti ya mafuta ipangwe kwa lita kwanza na shilingi baadaye. Baraza likiidhinisha lita 13,200, kila mtu anajua ni huduma kiasi gani imeidhinishwa. Bei ikipanda kwa asilimia kumi, pengo ni shilingi milioni 3.96 kwa mwaka, na mhasibu anaweza kulitaja mwezi uleule bei inapotangazwa badala ya kusubiri fedha ziishe. Halmashauri inayonunua kupitia GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, huweka fedha kwanza kisha ikachota mafuta, kwa hiyo inafaa kuongeza salio kabla ya masika, wakati maji yanapofunga baadhi ya njia na safari kurefuka.

Tutajuaje kwamba mafuta hayaibwi?

Kwa kujaza tangi hadi juu, kusoma kilomita kwenye dashibodi, na kurudia vilevile mara inayofuata. Tuseme gari lilijazwa likiwa na kilomita 184,320, na lilipojazwa tena likiwa na kilomita 184,932 lilipokea lita 102. Limetembea kilomita 612, na matumizi ni kilomita sita kwa lita. Kama mara ya pili yake limepokea lita 136 kwa mwendo uleule, matumizi yameshuka hadi kilomita nne na nusu, na kuna lita 34 za kutolewa maelezo, ambazo ni shilingi 102,000.

Hapo usimkimbilie dereva. Tazama logibuku uone kama upungufu upo kwenye zamu zote au kwenye zamu ya mtu mmoja. Ukiwa kwenye zamu zote, chanzo huwa ni gari lenyewe: nozeli zimechoka, chujio la hewa limeziba, matairi hayana upepo wa kutosha au breki zinashika. Moshi mweusi gari linapopanda mlima ni dalili ya kutosha ya kulipeleka karakana. Ukiwa kwenye zamu moja tu, linganisha kilomita alizoandika dereva na saa ambazo hospitali iliyompokea mgonjwa imeandika kwenye rejesta yake. Aliyenyonya mafuta hulazimika kubuni kilomita, na kilomita za kubuni hazina mgonjwa upande wa pili.

Gari ambalo kipimo chake cha kilomita kimekufa halikaguliki kabisa. Kukitengeneza ni gharama ndogo, na kukiacha mwaka mzima ni jambo ambalo sisi tungelihoji kabla ya jingine lolote.

Magari mawili yanahitaji watumishi wangapi?

Madereva tisa na wauguzi tisa. Idadi hii huwashtua wengi, kwa hiyo tuieleze. Mwaka una saa 8,736 ukihesabu wiki 52 za saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa wiki 52 ni 2,340. Ondoa likizo ya siku 28, kisha ondoa kama saa 120 za ugonjwa, sikukuu na mafunzo, na mtu mmoja anabakiwa na saa 2,040. Nafasi moja ya kudumu usiku na mchana inahitaji watu 4.28, na magari mawili yanahitaji watu 8.56 kwa kila kada.

Wilaya yenye madereva watano haiwi imeokoa mishahara ya wanne. Itawalipa saa za ziada, au itawafanyisha kazi bila kuwalipa, na dereva aliyelala kwa saa tatu tu ndiye atakayeshika usukani akiwa na king'ora juu ya kichwa chake.

Kwa nini kasma ya watumishi ina posho na mikataba tu? Mishahara iko wapi?

Mishahara ya watumishi wa kudumu hulipwa na Serikali Kuu, kwa hiyo haionekani kwenye bajeti hii ingawa ni gharama halisi ya huduma. Halmashauri inabeba vitu viwili. Cha kwanza ni madereva wanne wa mkataba wanaoziba upungufu wa ikama, ambao kwa mfano wetu wanagharimu shilingi 550,000 kila mmoja kwa mwezi pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, jumla milioni 2.2. Cha pili ni posho ya usiku ya shilingi 15,000 kwa watu wanne kila usiku, ambayo kwa siku 30 ni milioni 1.8. Mwezi unagharimu milioni nne, na mwaka milioni 48.

Posho hii ikicheleweshwa miezi mitatu, kinachofuata kinajulikana: simu ya muuguzi haipatikani usiku, na gari linatoka na dereva peke yake. Mgonjwa anayehitaji oksijeni hapo anakuwa amepanda teksi yenye king'ora.

Gari la tatu limeegeshwa tu. Kwa nini tusilitumie au tusiliuze?

Kwa sababu kwa sehemu kubwa ya mwaka si la tatu. Magari haya yanatembea kilomita 79,200 kwa mwaka kwa pamoja. Kwa sevisi ya kila kilomita 5,000 hizo ni sevisi 16, na ukiongeza klachi, springi na matengenezo ya kiyoyozi, gari moja kati ya matatu huwa karakana mara kwa mara. Gari la serikali hutengenezwa TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, au kwenye karakana iliyoidhinishwa nayo, na ukaguzi, makisio na hati ya malipo huchukua muda hata pale kazi yenyewe ni ya siku moja. Deni la nyuma likiwepo, muda huo hurefuka zaidi.

Katika milioni 20.6 za matengenezo, sevisi 16 za shilingi 450,000 ni milioni 7.2, matairi manane ya 550,000 ni milioni 4.4, na akiba ya matengenezo makubwa ni milioni tatu kwa kila gari. Ni hiyo akiba ya milioni tisa inayokatwa kwanza vikomo vikishuka, na ndiyo inayolifanya gari la akiba liwe ghala la vipuri. Likishatolewa betri, kisha tairi la akiba, kisha nozeli mbili, halirudi tena barabarani.

Namba 115 inaingia wapi kwenye hesabu hizi?

Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana humtuma dereva wa jamii, ambaye hulipwa na mfumo baada ya safari. Kwa bajeti ya wilaya, angalizo ni moja tu. Safari iliyolipiwa na mfumo huo isiandikiwe tena fomu ya msamaha, la sivyo kasma ya ruzuku itailipia mara ya pili.

Misamaha haiwezi kugeuzwa mwanya wa wizi?

Inaweza. Njia iliyozoeleka ni muuguzi au dereva kupokea 40,000 taslimu kisha kuandika fomu ya msamaha. Dawa yake ni kuwapigia simu ndugu wachache kila mwezi kutoka kwenye namba zilizoandikwa kwenye fomu na kuwauliza swali moja, walitoa kiasi gani na kwa nani. Kazi hiyo aifanye katibu wa afya au mjumbe wa bodi, asiifanye mtu wa kitengo cha magari. Pia linganisha zamu kwa zamu. Wilaya nzima ikiwa na misamaha 65 kwa kila safari 100, zamu yenye 90 mwezi baada ya mwezi inahitaji kuulizwa, ingawa inawezekana kabisa kwamba ndiyo inayohudumia wodi ya wazazi.

Fomu isiyo na namba ya simu wala sababu ya kukosekana kwake isilipwe na kasma ya ruzuku hadi ikamilishwe.

Tulichanga fedha tukampa dereva usiku. Je, tunaweza kurudishiwa?

Ada halali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na hospitali, kupitia benki au simu, na mlipaji hupata stakabadhi. Mkiwa na stakabadhi na mgonjwa akaja kupewa msamaha, pelekeni stakabadhi hiyo pamoja na fomu ya msamaha kwa mhasibu wa hospitali, naye ataandaa marejesho baada ya Mganga Mfawidhi kuidhinisha. Fedha mliyompa dereva mkononi, hata kama alisema ni ya mafuta, haikuingia kwenye hesabu yoyote, na hospitali haina cha kurejesha. Andikeni tarehe, saa, mahali mlipochukuliwa na namba ya gari, ambayo kwa gari la halmashauri huanza na SM, mpeleke kwa Mganga Mkuu wa halmashauri. Kwa maelezo hayo zamu iliyohusika inatambulika kwenye logibuku siku hiyohiyo.